Pointi moja ya raundi ya 9: hebu tusome kadi za Fury na Usyk vizuri

Kona Nyekundu
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi hapa kijiweni hauishi, kuna jamaa anadai Fury aliibiwa kwenye lile pambano lake la ngumi uzito wa juu na Usyk, Riyadh Mei 2024, na mwingine anasema angepigwa nokauti kabisa kama sio refa. Kadi za majaji watatu zilisomwa hivi: 115-112 Usyk, 114-113 Fury, 114-113 Usyk. Sasa mi sitaki ya kuibiwa, swali langu lipo hapa, inakuwaje watu watatu wanakaa chini ya ulingo mmoja, wanaangalia raundi zilezile 12, halafu mmoja anatoka na mshindi wake peke yake? Na hizi namba zenyewe zinatoka wapi, maana kuna pambano nasikia 115-113, hili nasikia 114-113, ile pointi nyingine inaendaga wapi?

Jabu Kavu
Rahisi sana mkuu. Jaji anahesabu ngumi zinazotua, mwenye nyingi anachukua raundi, raundi nyingi ndo ushindi. Wanatofautiana kwa sababu kila mmoja anahesabu kivyake, mwingine anakosa kuona baadhi. Kwenye tivi waliweka takwimu za ngumi na Usyk alikuwa juu kidogo, kwaiyo hakuna wizi hapo.

Mzee wa Kengele
Jabu Kavu umegusa lakini nusu. Zile takwimu unazoona kwenye tivi ni watu wamekaa wanabonyeza vitufe kwa ajili ya watazamaji, majaji hawazioni na wala haziingii kwenye kadi. Jaji hana kihesabio mkononi. Anaangalia dakika tatu, kengele inalia, anatakiwa aamue nani kachukua hiyo raundi, anaandika kwenye kikaratasi na kinakusanywa palepale kabla raundi inayofuata haijaanza kuchanganya. Hiyo ni muhimu sana watu hawaijui, raundi ya 5 ikishaondoka mkononi mwake imeondoka, hawezi kufika ya 11 akasema ngoja nimrudishie yule kidogo.

Na "raundi nyingi ndo ushindi" nayo sio kweli siku zote. Kadi moja ya pambano hilohilo la Riyadh inakukatalia. Ngoja nikae vizuri nitaandika, sa hivi nipo kwenye daladala.

Manzese Finest
Mzee wa Kengele usipotee bana, wewe ndo ulikuwa unakaa meza ya majaji kwenye zile za ukumbini, tunakusubiri 😂

Wa Ruiru
Wabongo mambo. Huku kwetu pia hii story imetusumbua. Mimi nilikuwa naona Fury ameshinda raundi za katikati zote, kuanzia ya 4 mpaka ya 7 alikuwa anacheza na jamaa, ile apakati ya raundi ya 6 si ilimtikisa Usyk mpaka tukasimama. Halafu ya 8 upepo ukageuka na ya 9 ndio ile ya kamba. Sasa mtu anawezaje kupiga vizuri hivyo na bado apoteze?

Mzee wa Kengele
Nimerudi. Naanza na namba kwanza maana zina siri ndani.

Kila raundi inatoka na pointi 19. Mshindi 10, aliyeshindwa 9. Haijalishi ameshinda kwa kanywele au amempiga mwenzake dakika zote tatu mpaka watu wanamhurumia, kama hakuna aliyeanguka kawaida ni 10-9. Ni kama mpira, 1-0 na 4-0 zote zinakupa pointi tatu. Kwaiyo Wa Ruiru ile raundi ya 6 uliyosimama nayo, kwenye kadi ina uzito uleule wa raundi iliyopooza ambayo walitegeana tu. Hapo ndo jicho la mtazamaji na kadi vinapoanza kugombana, sisi tunakumbuka raundi kali, kadi haikumbuki.

Sasa raundi 12 mara 19 ni 228. Chukua 115-113, jumlisha, unapata 228. Chukua 114-114, 228. 116-112, 228. Hizo ni kadi ambazo raundi zote zilikuwa 10-9. Sasa rudi Riyadh, 115 na 112 ni 227. 114 na 113 ni 227. Kadi zote tatu zimepungua pointi moja, maana yake wote watatu kuna mahali waliandika 10-8. Na kila aliyeangalia anajua ni wapi, raundi ya 9, Fury alipoyumba kwenye kamba na refa akamhesabia, na kuhesabiwa hivyo kunakula pointi moja ya ziada.

Ila msijifunze vibaya, pungufu ya pointi moja haikwambii sababu. Refa akimkata mtu pointi kwa kupiga chini ya mkanda au kukumbatia sana, jumla inapungua vilevile. Lazima ujue pambano lenyewe lilikwendaje.

Kona Nyekundu
Duh hiyo ya 228 sijawahi kuisikia. Haya endelea mkuu, hiyo ya kwamba raundi nyingi sio ushindi iko wapi?

Mzee wa Kengele
Iko kwenye ile 114-113 ya Usyk. Usyk ana 114, yaani kutoka 120 amepoteza 6, kwaiyo kashindwa raundi 6. Fury ana 113, amepoteza 7, lakini moja kati ya hizo ni ile ya ziada ya kuhesabiwa, kwaiyo naye kashindwa raundi 6. Ni sita kwa sita! Huyo jaji aliona pambano sawa kabisa kwa raundi, kilichomtenganishia ni lile konde la raundi ya 9 tu.

Fanya hivyohivyo kwenye zingine. Ile 115-112, Usyk kachukua raundi 7 Fury 5. Ile ya Fury 114-113, Fury kachukua 7 Usyk 5. Sasa weka ile raundi ya 9 iwe 10-9 ya kawaida, Usyk bado ameishinda lakini hakuna kuhesabiwa. Kadi ya kwanza inakuwa 115-113 Usyk. Ya pili 115-113 Fury. Ya tatu 114-114. Hiyo ni droo jamani. Mmoja kwako, mmoja kwangu, mmoja katikati, kila mtu anarudi na mikanda aliyokuja nayo na hakuna bingwa wa mikanda yote minne uzito wa juu, kitu ambacho hakijawahi kuwepo tangu wakati wa Lennox Lewis mwaka 1999 mikanda ikiwa mitatu.

Manzese Finest
Yaani pointi MOJA. Af watu wanasema Fury aliibiwa.

Riyadh Night Shift
Mimi niko hapahapa Riyadh kikazi, siku ile tulijazana kwenye kahawa moja watu wa kila taifa, ilikuwa kama saa nane kasoro usiku wanaingia ulingoni, kesho kazini sura zimevimba. Niwaambie ukweli, Fury hakugusa chini. Hata goti. Alikuwa anasukumwa na ngumi anaruka kamba hii anakwenda ile, refa akaingia katikati akaanza kuhesabu. Sasa mtu hajaanguka anahesabiwaje? Mimi naona hiyo pointi ni ya refa sio ya Usyk.

Jabu Kavu
Hapo nakuunga mkono, ngumi za kulipwa hakuna kuhesabiwa ukiwa umesimama, hiyo ni ya ridhaa.

Mzee wa Kengele
Jabu hapo tena nusu. Kweli, kumhesabia mtu aliyesimama katikati ya ulingo ili apumue, kwenye ngumi za kulipwa kubwa imeshaondolewa. Lakini kama kamba ndizo zilizomzuia asianguke, hiyo inahesabika kama kaanguka. Refa ndiye anayeamua hilo, sio jaji. Refa akishasema ni kuangushwa, kawaida jaji anaandika 10-8, hata kama moyoni haamini. Ndo maana mnaona wote watatu walikubaliana hapo hata wale waliotofautiana raundi nyingine nyingi.

Riyadh Night Shift
Sawa ila naomba nielewe, kama refa angesema ameishiwa na kumaliza pambano tungekuwa tunabishana hapa? Na kama angewaacha waendelee Fury si angelala? Ile kuhesabu ilimpa pumzi. Kwaiyo refa alimuokoa au alimkata?

Manzese Finest
Vyote viwili 😂😂

Mama Tunu
Samahani naingilia. Mimi mpira ndo wangu ngumi naangalia kwa sababu ya mume. Hivi kwanini wasijumlishe pointi zote za majaji watatu wakapata moja? Mwenye nyingi ashinde, yaishe. Hii ya mmoja hivi mwingine vile inachosha.

Kona Nyekundu
Mama Tunu swali zuri hata mi nilitaka kuuliza. Kwa Riyadh nimejumlisha Usyk ana 342 Fury 339, jibu lilelile.

Mzee wa Kengele
Riyadh linatoka lilelile, ila twende Las Vegas Septemba 2017, Canelo na Golovkin pambano la kwanza. Kadi zilikuwa 118-110 Canelo, 115-113 Golovkin, na 114-114. Ikaitwa droo, dunia nzima ikapiga kelele kuhusu ile 118-110, maana inamaanisha Golovkin alishinda raundi mbili tu kati ya 12, na watu wengi walimuona Golovkin ndo mshindi.

Sasa fuata wazo lako Mama Tunu. Jumlisha, Canelo 118 na 113 na 114 ni 345. Golovkin 110 na 115 na 114 ni 339. Canelo angeshinda, na angeshinda kwa sababu ya kadi moja ambayo karibu hakuna aliyeiamini. Ndo maana kadi inabebwa kama kura. Ukimpa mtu tofauti ya pointi 8 au ya pointi 1, kura yako ni moja. Jaji mmoja akikosea sana anabaki kuwa mmoja, hawezi kuwazidi wenzake wawili kwa wingi wa makosa yake.

Mama Tunu
Aaah hapo nimeelewa. Kumbe inazuia mmoja asiharibu.

Wa Ruiru
Lakini si aliharibu bado? Bila yeye Golovkin angeshinda.

Mzee wa Kengele
Angalia vizuri. Toa kadi ya 118-110, weka nyingine yoyote ya Canelo hata ya 115-113, jibu ni droo ileile. Ukubwa wa namba haukubadilisha kitu. Mimi kadi iliyonisumbua zaidi ni ile ya 114-114 ambayo hakuna aliyeipigia kelele. Huyo jaji raundi ya 7 alimpa Canelo, wakati wenzake wote wawili walimpa Golovkin, hadi yule wa 118-110! Igeuze hiyo raundi moja tu, kadi yake inakuwa 115-113 Golovkin, na Golovkin anashinda wawili kwa mmoja. Kwaiyo ukitaka kujua pambano liliamuliwa wapi usikimbilie kadi ya ajabu, tafuta kadi iliyo katikati na raundi ambayo amebaki peke yake.

Binamu wa Bondia
Wakuu naomba msaada wenu, mimi yangu ni ya hapa nyumbani. Binamu yangu alicheza raundi 6, akapoteza kwa majaji wawili kwa mmoja. Tulipiga kelele tukaonyeshwa kadi, moja ilikuwa 58-56 yake, ya pili 58-56 ya mpinzani, ya tatu 58-57 ya mpinzani. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyekatwa pointi. Aliyempiga alikuwa anatokea kambi ya promota. Je, tulidhulumiwa?

Manzese Finest
Promota tena, story zilezile. Mlidhulumiwa.

Mzee wa Kengele
Pole kwanza. Kudhulumiwa siwezi kusema sikuwepo, lakini kadi ya tatu inanishtua kidogo. Raundi 6 mara 19 ni 114. 58 na 56 ni 114, sawa, hizo ni raundi nne kwa mbili. Lakini 58 na 57 ni 115, imezidi. Kupungua kuna sababu nyingi, kuzidi kuna mbili tu ninazozijua. Ama jaji aliandika raundi moja 10-10, ambayo inaruhusiwa ila majaji wanaambiwa waikwepe, ama kuna mtu alijumlisha vibaya. Kama ni 10-10 basi alimpa mpinzani raundi tatu, binamu yako mbili, moja sare, inakubali. Kama ni kujumlisha vibaya basi kadi halisi inaweza kuwa 57-57, na pambano hilo ni droo. Au ni 58-56, mmepoteza vilevile.

Ile jumla ya mwisho haitoshi, muombe kadi yenye raundi moja moja.

Binamu wa Bondia
Tulionyeshwa jumla tu kwenye karatasi, tukaambiwa hizo za raundi zinabaki ofisini.

Mzee wa Kengele
Basi andikeni barua, bondia mwenyewe ndo aandike sio wewe. Na mtaje hiyo 115, msiandike "tumedhulumiwa", andikeni "kadi ya jaji wa tatu ina jumla 115 na hatujui raundi ipi ilikuwa sare". Hiyo ni ngumu kuipuuza.

Jabu Kavu
Mzee lakini hujajibu swali la mwenye uzi, KWANINI wanatofautiana? Umeongelea namba tu. Na kwa nilivyosikia bingwa ndo anapewa raundi za utata, lazima umnyang'anye mkanda waziwazi.

Mzee wa Kengele
Kweli hilo sijaligusa. Hiyo ya bingwa kwanza, hakuna kanuni ya kumpa bingwa raundi ya utata, ingawa najua kuna majaji kichwani wanayo. Kanuni ni kwamba pambano likiisha droo bingwa anabaki na mkanda wake, ndipo hayo maneno yalipotokea. Na Riyadh wote wawili walikuwa mabingwa, Fury ana mkanda mmoja Usyk mitatu, ungempa nani?

Kutofautiana sasa. Majaji wanakaa pande tatu tofauti za ulingo. Ngumi ya mwilini iliyotua ubavu wa kulia, yule aliyekaa nyuma ya mgongo wa mpigaji anaona bega linasogea tu, hajui imetua au imekutana na kiwiko. Nimekaa hapo, nawaambia kuna raundi unasikia mlio wa ngumi na huoni imefika wapi, na hakuna wa kukurudishia picha. Mtazamaji wa tivi ana marudio na mtangazaji anayemwambia nini cha kuona, jaji ana macho yake na kelele za watu.

Halafu kuna cha kuangalia. Ngumi safi zilizotua ndo za kwanza, halafu kushambulia kunakozaa matunda, kutawala ulingo na kujilinda. Kwenye raundi kali ngumi safi zinamaliza ubishi, hata raundi ya 8 Riyadh sidhani kuna mtu alibisha. Shida ni raundi ambazo hakuna aliyetua kitu cha maana. Huyu kapiga jabu nyepesi nyingi akirudi nyuma, yule kaja mbele muda wote katua mbili nzito mwilini. Jaji mmoja anapenda hizo jabu, mwingine anasema mbili nzito. Pambano likiwa na raundi nne za namna hiyo, kadi mbili zinaweza kuachana kwa pointi 8 nzima na hakuna mjinga wala mla rushwa kati yao. Mmoja kaziona zote za bluu, mwingine zote za nyekundu, basi.

Wa Ruiru
Okei hiyo imenishika. Lakini Fury huyu ana mkosi na hiyo pointi, si hata na Wilder ile ya kwanza?

Mzee wa Kengele
Wa Ruiru umenitoa usingizini. Los Angeles Desemba 2018, 115-111 Wilder, 114-112 Fury, 113-113. Jumlisha, zote ni 226, mara mbili zimepungua, na kweli Fury alianguka raundi ya 9 na ya 12, ile ya 12 alilala kabisa watu wakadhani yamekwisha akaamka. Kwenye kadi ya 113-113 Fury alichukua raundi 7 kwa 5, akaambulia sare. Mrudishie hizo pointi mbili kwenye kila kadi, zinakuwa 115-113 Wilder, 116-112 Fury, 115-113 Fury. Angeshinda wawili kwa mmoja.

Kona Nyekundu
Kwaiyo kuhesabiwa kulimgeuzia ushindi kuwa droo 2018, na 2024 kukamgeuzia droo kuwa kipigo. Huyu jamaa wa kijiweni nikimwambia hii atalia.

Riyadh Night Shift
Ila marudiano ya Desemba 2024 hapahapa hakuanguka mtu, majaji wote watatu 116-112 Usyk. Hapo hakuna cha pointi moja.

Jabu Kavu
Na hapo pia Fury alisema ameshinda.

Manzese Finest
Fury akiamka asubuhi anasema ameshinda.

Riyadh Night Shift
Bado sijajibiwa lakini. Ile ya kamba, refa alimuokoa au alimkata?

Mzee wa Kengele
Mimi naona alihesabu sawa ila alichelewa kuingia, na hesabu yake ilikwenda taratibu. Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye mezani anasema angemaliza pambano palepale. Tumebishana mpaka tumechoka.

Binamu wa Bondia
Mzee wa Kengele nimeongea na binamu, barua anaandika leo usiku. Anauliza, wakimjibu kwamba ni kweli raundi moja ilikuwa 10-10, anaweza kuuliza ni raundi ipi na kwanini, au haruhusiwi?

Mzee wa Kengele
Ipi, aulize, lazima iwe imeandikwa. Kwanini, jaji hawajibiki kumjibu. Weka hapa wakileta kitu.